Pesa inayoingia ukiwa umelala: nani anakesha?

Jumamosi asubuhi pale Lyulilo, kabla jua halijapanda juu ya milima ya Livingstone, mitumbwi huanza kuingia kutoka Ikombe na vijiji vingine vya Wakisi. Imejaa vyungu vilivyopangwa kwa nyasi ili visigongane. Akina mama wanaovishusha walichimba udongo, wakaufinyanga kwa mikono, wakauanika, wakauchoma, kisha wakapiga kasia. Mpaka chungu kinafika mchangani, hakuna wa kumdanganya mwenye chungu kwamba fedha yake imekuja yenyewe.

Ndiyo maana swali tulilopewa sokoni hapo lilitukaa kichwani. Mama mmoja, msikilizaji wetu wa siku nyingi anayenunua vyungu na kuviuza mpaka Tukuyu na Mbeya, alitusubiri tumalize kurekodi, akatuvuta pembeni. Kikoba chao kilikuwa kimevunja, akapata mgao. Ukijumlisha na akiba yake nyingine, mkononi alikuwa na shilingi 3,200,000. Hiyo ilikuwa kazi ya miaka minne.

"Wanangu, nimechoka kubeba vyungu," alituambia. "Nataka hii fedha nayo inibebe kidogo. Watu wananiambia kuna kipato cha kulala. Kipo kweli, au ni maneno?"

Alikuwa ameshapewa mapendekezo mawili. Mpwa wake alitaka amnunulie pikipiki afanye bodaboda na kumletea hesabu kila jioni. Jirani yake alimwingiza kwenye kundi la wasapu ambako mtu hujiandikisha kwa kulipia ngazi, kisha hulipwa kila siku kwa kutazama matangazo mafupi kwenye simu. Yote mawili yaliitwa jina moja: kipato cha bila jasho.

Tulimwahidi kwamba tutamjibu kipindini, na tukamjibu. Haya ni maelezo yale yale kwa kirefu, pamoja na hesabu ambazo redioni hazikai vizuri masikioni.

Swali la kuanzia

Usiku, ukisimama ufukweni Matema au Lyulilo wakati hakuna mwezi, unaona mstari wa taa ziwani. Ni wavuvi wa dagaa. Wengi wao hawamiliki mtumbwi wala wavu. Mwenye navyo amelala nyumbani, na asubuhi atapata fungu lake la mauzo. Ukimuuliza yeye, atakwambia fedha yake inaingia akiwa usingizini, na hatakuwa amesema uongo. Lakini pale majini kuna watu waliokesha.

Kwa hiyo mtu akikuletea habari ya kipato cha kulala, usianze kwa kuuliza "nitapata kiasi gani?" Anza na hili: nikilala mimi, nani yuko macho, anafanya kazi gani, na nani analipia kazi hiyo?

Majibu huwa ya aina tatu. Kuna mahali ambapo hakuna anayefanya kazi yoyote, ila fedha za wanaoingia leo ndizo zinazowalipa walioingia jana. Kuna mahali ambapo kazi ipo, ni nyingi, na sehemu yake ni yako wewe ingawa hukuambiwa. Na kuna mahali ambapo kazi inafanywa na wengine kweli, wewe huamki, lakini malipo ni madogo kuliko ulivyotarajia. Tuzichukue moja baada ya nyingine.

Kundi la simu: pale ambapo hakuna aliye macho

Nchi yetu imeshapita njia hii mara kadhaa. Wengi wetu tunaikumbuka DECI, ambayo watu walikuwa "wakipanda mbegu" ya fedha na kusubiri "kuvuna" zaidi ya walichopanda. Ilisimamishwa mwaka 2009, na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Mwaka 2020 ikaja kesi ya Mr. Kuku Farmers katika Mahakama ya Kisutu. Hapo watu walitoa mtaji wa ufugaji wa kuku bila wao kushika hata pumba, kwa ahadi ya faida ya asilimia 70 baada ya miezi minne. Mapema mwaka 2025 ikawa zamu ya Leo Beneath London, maarufu kama LBL, iliyowaambia watu walipie na kutazama matangazo kwenye simu. Benki Kuu ilitangaza kwamba haikuwa na leseni, na polisi wakakamata watu katika mikoa kadhaa.

Sura ni tatu: mbegu, kuku, video. Ukiziweka kwenye hesabu zinakuwa kitu kimoja.

Tuanze na kuku, kwa sababu kuku tunawajua. Faida ya asilimia 70 kwa miezi minne maana yake ni kwamba shilingi milioni 1 inakuwa milioni 1.7. Ukiirudisha yote kwa miezi minne mingine inakuwa milioni 2.89, na mwisho wa mwaka inapita milioni 4.9. Yaani kuku hao wanatakiwa kuzaa karibu mara tano ya mtaji kwa mwaka mmoja, baada ya kulipia chakula, chanjo, vifo na mishahara. Sasa jiulize kama mfugaji mwenyewe. Benki za hapa nchini hukopesha kwa riba inayozunguka asilimia 15 kwa mwaka. Kama kweli una biashara inayozalisha mara tano, kwa nini usikope benki kwa asilimia 15, badala ya kuwagawia watu usiowajua asilimia 70 kila miezi minne? Mwenye biashara halali hatafuti mtaji wa bei ghali kuliko wote sokoni.

Sasa tuje kwenye simu. Tuseme, kwa mfano tu, mtu anajiandikisha kwa shilingi 50,000 na kulipwa shilingi 2,000 kwa siku. Baada ya siku 25 amerudisha fedha yake, na kuanzia siku ya 26 analipwa fedha ambayo hakuiweka yeye. Nani kaiweka? Mwenye tangazo hawezi kuwa yeye, kwa sababu hakuna kampuni inayolipa shilingi 2,000 kila siku ili mtu mmoja wa Lyulilo atazame video ya nusu dakika. Aliyeiweka ni mtu mpya.

Wakiwa watu 100 kwenye mfumo, wanadai shilingi 200,000 kwa siku. Hiyo ni fedha ya kujiandikisha ya watu wanne. Kwa hiyo kila siku lazima waingie wapya wanne kwa kila mia, ili tu wa zamani walipwe, na hapo hatujamhesabu mwenye mfumo anayechukua chake. Idadi inayokua hivyo hujirudufu kila baada ya siku kama 18. Watu 100 wanakuwa 200, halafu 400, halafu 800. Baada ya miezi kama saba tu, mfumo huo unahitaji watu zaidi ya 400,000. Wilaya nzima ya Kyela, ukiwahesabu wazee na watoto wachanga, haifiki hapo.

Hii ndiyo sababu mifumo hii haifi kwa bahati mbaya wala kwa sababu "serikali imeingilia". Hufa kwa sababu watu wanaisha. Na ikifa, wengi waliomo ndani ni wale wa mwisho kuingia, maana kundi la mwisho ndilo huwa kubwa kuliko yote yaliyotangulia.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu wazima na akili zao. Mama yetu wa vyungu alituambia, "Lakini jirani yangu kalipwa kweli, nimeona ujumbe kwenye simu yake." Tunamwamini. Kulipwa kwa wa mwanzo ndiyo tangazo lenyewe. Shilingi 60,000 aliyopokea jirani ndiyo iliyokuwa njiani kuleta shilingi 3,200,000 ya mama.

Dalili za mwisho wake nazo zinafanana. Kutoa fedha kidogo kunakubali, kutoa nyingi kunakataa. Unaambiwa mfumo unaboreshwa, au kuna kodi ya kulipia kwanza ndipo akaunti ifunguliwe, au upande ngazi ya juu ili uweze kutoa. Mtu yeyote anayekudai ulipe ndipo upewe fedha inayosemekana ni yako, hana fedha yako.

Tena tuliambiwa kwamba kundi hilo "limesajiliwa" na kwamba cheti kimetumwa kundini. Hapa tuwe waangalifu. Cheti cha BRELA kinasema tu kwamba jina au kampuni ipo. Namba ya mlipakodi inasema mtu anatambulika na TRA. Leseni ya biashara inaruhusu kufungua duka au ofisi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoruhusu kupokea fedha za watu na kuahidi faida. Kupokea amana za umma kunahitaji leseni ya Benki Kuu, na kukusanya fedha za wawekezaji kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Hizo ndizo karatasi za kuuliza.

Neno moja kuhusu upatu. Sheria inapokataza "upatu" haimaanishi mchezo wa akina mama kumi wanaochangishana kila wiki. Katika mchezo, kinachotoka ni kile kile kilichoingia, na kila mmoja anamjua mwenzake na zamu yake. Upatu unaokatazwa ni ule unaoahidi kutoa zaidi ya kilichoingia, wakati hakuna kinachozalishwa katikati.

Pikipiki ya mpwa: kazi iliyofichwa ndani ya neno hesabu

Pendekezo la pili ni la heshima. Pikipiki ipo, abiria wapo, na mpwa ni kijana anayejulikana. Hapa hakuna utapeli. Lakini alivyoelezwa mama ni hivi: nunua leo, na kila jioni utapokea shilingi 8,000 ukiwa umekaa. Siku sita kwa wiki ni karibu shilingi 208,000 kwa mwezi, yaani karibu milioni 2.5 kwa mwaka. "Mwaka na miezi michache fedha imerudi, inayobaki ni faida tupu."

Tulikaa na madereva wawili na mmiliki mmoja wa pikipiki tatu, tukapiga hesabu upya. Bei hutofautiana kati ya mahali na mahali, kwa hiyo msomaji aweke namba zake. Njia ya kuhesabu ndiyo muhimu.

Tuseme pikipiki mpya, pamoja na usajili, bima ndogo na kofia mbili, imemaliza shilingi 3,200,000 zote. Mwaka una siku 312 za kazi ukiondoa Jumapili. Lakini Kyela ni moja ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko nyingi nchini, na mwezi wa Aprili kuna siku barabara za udongo hazipitiki kabisa. Weka misiba, ugonjwa, na siku za mavuno ya mpunga ambazo kijana anaombwa shambani. Madereva walituambia siku 45 kwa mwaka kupotea ni kawaida. Ongeza siku 15 ambazo pikipiki iko gereji. Zinabaki siku 252. Mara 8,000, mwaka unaleta shilingi 2,016,000. Tayari laki nne na nusu na zaidi za ahadi zimeondoka, na hakuna aliyeiba.

Kisha matengenezo. Kwa desturi ya hapa dereva hulipia mafuta, pancha na kubadilisha oili, na mwenye pikipiki hulipia vikubwa: matairi, cheni na vijiringi vyake, klachi, betri, na ikizeeka, injini. Mwaka wa kwanza tuliweka shilingi 300,000 na wa pili 600,000, maana chombo kikichoka kinakula zaidi. Bima na vibali vya mwaka wa pili tuliweka 100,000. Baada ya miaka miwili pikipiki iliyokimbia barabara zetu tuliiuza, kwa hesabu, shilingi 1,400,000.

Sasa tujumlishe. Hesabu za miaka miwili ni 4,032,000. Toa matengenezo 900,000 na bima 100,000, inabaki 3,032,000. Ongeza fedha ya kuuza pikipiki, unapata 4,432,000. Toa mtaji wa 3,200,000. Faida halisi kwa miaka miwili ni shilingi 1,232,000, sawa na shilingi 51,000 hivi kwa mwezi.

Si mbaya. Lakini usiilinganishe na sifuri. Ilinganishe na fedha hiyo hiyo ikiwekwa mahali salama bila kuguswa. Kwa asilimia 12 kwa mwaka, ambacho ni kiwango tutakachokieleza punde, shilingi 3,200,000 zingeleta 384,000 kwa mwaka, yaani 768,000 kwa miaka miwili, na mtaji ungebaki mzima. Tofauti kati ya pikipiki na kukaa tu ni shilingi 464,000 kwa miezi 24. Kwa mwezi ni kama shilingi 19,300.

Huo ndio mshahara wa mama kwa kazi ambayo hakuambiwa kuwa ni kazi. Na kazi ipo. Kuna kupokea hesabu kila jioni na kuiandika. Kuna kusikiliza kwa nini leo ni elfu tano, na kuamua kama ni kweli. Kuna kwenda gereji kuhakikisha tairi iliyolipiwa ndiyo iliyofungwa. Kuna kupigiwa simu pikipiki ikishikwa na trafiki, au ikiwa imegonga mtu, na kadi inasoma jina lako. Na kuna ile ngumu kuliko zote: kumdai mtoto wa dada yako bila kuvunja udugu. Ndani ya shilingi 19,300 hiyo mna pia malipo ya hatari. Pikipiki ikiibiwa mwezi wa nane, na una bima ndogo tu ambayo hulipa hasara ya uliyemgonga na si ya chombo chako, utakuwa umekusanya kama shilingi 1,344,000 na kupoteza karibu shilingi milioni 2 za mtaji.

Mmiliki wa pikipiki tatu alitupa sentensi ambayo tunairudia hapa kama alivyoisema: "Mimi sina kipato cha kulala. Mimi ni bosi wa vijana watatu, na bosi halali kabla hesabu hazijafika."

Kuna njia ya kupunguza kazi hiyo, nayo ni mkataba. Dereva analeta hesabu, analipia matengenezo yote yeye, na akifikisha kiasi mlichokubaliana pikipiki inakuwa yake. Tukiweka mkataba wa shilingi 4,500,000 na dereva analipa siku 24 kwa mwezi, anamaliza kwa karibu miaka miwili, na faida ya mama ni 1,300,000. Haizidi sana ile ya kwanza, lakini dereva anaitunza pikipiki kwa sababu ni yake ya kesho, na safari za mama za gereji zinakwisha. Mkataba uandikwe, ushuhudiwe ofisi ya mtendaji wa kijiji, kadi ibaki kwa mwenye fedha mpaka malipo ya mwisho, na iandikwe wazi nani anabeba hasara pikipiki ikiibiwa au kijana akiumia. Palipo udugu ndipo karatasi inapohitajika zaidi.

Pale ambapo kulala ni kweli

Je, kipo kipato ambacho mtu halazimiki kuamka? Kipo. Ila hakina makelele, na hakuna anayekuandikia usiku kukuhimiza uwahi kabla nafasi hazijaisha.

Cha kwanza ni hatifungani za serikali. Serikali inakopa kwa wananchi kupitia minada ya Benki Kuu, na inalipa riba mara mbili kwa mwaka mpaka muda uishe, kisha inarudisha mtaji. Kiwango cha chini cha kushiriki ni shilingi milioni 1. Unahitaji akaunti ya CDS, ambayo hufunguliwa kupitia benki au dalali wa soko la mitaji aliye na leseni. Zipo za miaka michache na zipo za mpaka miaka 25. Mwaka 2022 hatifungani za miaka 25 zilipewa riba ya asilimia 12.56 kwa mwaka. Viwango hubadilika, kwa hiyo uliza cha mnada wa sasa kabla ya kwenda.

Ukitaka kujua nani yuko macho hapo, ni walipakodi wote. Serikali inalipa riba kwa kodi na kwa mikopo mingine. Ndiyo maana inaweza kulipa asilimia 12 na haiwezi kulipa 70.

Cha pili ni vipande vya UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko kama Mfuko wa Umoja, ulioanza mwaka 2005. Hapo fedha za watu wengi huunganishwa, wataalamu huzinunulia hatifungani, hisa na amana za benki, na faida hugawanywa kwa kadiri ya vipande. Mfuko wa Ukwasi huanzia shilingi 100,000, na ukitaka kuuza vipande fedha hufika baada ya siku chache za kazi. Faida yake haiahidiwi kwa namba, kwa sababu inategemea kilichopatikana. Kuna vipindi hupanda na vipindi hushuka, na mifuko yenye hisa nyingi huyumba zaidi.

Nazo zina mipaka, na tungekuwa hatujafanya kazi yetu kama tusingeieleza. Hatifungani ya miaka 20 ukiihitaji fedha mwaka wa tatu, itabidi utafute mnunuzi sokoni, na huenda ukapata chini ya ulichoweka. Mtu mwenye ada ya Januari asifunge fedha hiyo hapo. Nauli ya kwenda Kyela mjini na kurudi kushughulikia makaratasi inakula faida ya mwezi mzima kama mtaji ni mdogo. Na bei za vitu zinapanda. Katika miaka ya karibuni mfumuko umekuwa kama asilimia 3 hivi, kwa hiyo kati ya 12 unazopata, 3 zinaziba tu pengo la bei.

Kubwa zaidi ni hili. Asilimia 12 ya shilingi 3,200,000 ni shilingi 32,000 kwa mwezi. Inanunua mchele wa Kyela kilo kadhaa na sabuni. Haimwachishi mtu kazi ya vyungu. Ili kiwango hicho kilete shilingi 300,000 kila mwezi, unahitaji kuweka shilingi milioni 30. Kipato cha kulala kipo, lakini unakinunua kwa fedha uliyoitolea jasho kabla. Anayekwambia utakipata bila kuwa na mtaji mkubwa na bila kufanya kazi, amekuficha mojawapo ya vitu viwili: kazi yako ya kesho, au fedha ya mtu mwingine.

Alichoamua mama

Salamu ya Kinyakyusa ya asubuhi, *ugonile*, inamuuliza mtu kama amelala salama. Tulipokutana naye tena Lyulilo wiki tatu baadaye ndivyo tulivyomsalimia, akacheka, akasema sasa analala.

Alikuwa ameuliza swali moja kwenye lile kundi la wasapu: "Samahani ndugu zangu, nani analipia haya matangazo, na leseni ya Benki Kuu iko wapi?" Hakujibiwa. Dakika chache baadaye aliondolewa kundini. Jirani yake yumo bado, na alikuwa ameanza kuambiwa alipie ngazi ya juu ndipo atoe.

Pikipiki hakununua kwa fedha zote. Milioni 2 ameweka kwenye vipande, ili asipate shida akihitaji kutoa. Laki nane amempa mpwa kama mchango wa pikipiki iliyotumika, kijana amalizie mwenyewe, na wameandikishana kwa mtendaji. Hiyo anaiita deni, haiiti uwekezaji, na ana daftari lake. Laki nne zilizobaki amenunulia vyungu.

Tulimuuliza kwa nini vyungu tena, wakati ndivyo alivyosema vimemchosha. Alituonyesha chungu kimoja kikubwa cha maji alichokuwa amekinunua asubuhi ile, akatutajia bei aliyonunulia na bei atakayouzia Tukuyu. Tulifanya hesabu hapo hapo mchangani. Faida ya safari moja, ukitoa nauli na vitakavyovunjika, ilipita ya vipande vya miezi miwili.

"Hii naijua jasho lake liko wapi," alisema, kisha akaita kijana amsaidie kukitwika.